Mtoto wa mbwa, mikono ya watoto na mguu wa meza

"Daktari, shikamoo. Nina mtoto wa mbwa, dume, ana miezi minne. Tulimchukua akiwa na mwezi mmoja tu. Mchana tunamfunga getini, jioni watoto wakirudi shule tunamfungulia, na hapo ndipo balaa linapoanza: anang'ata mikono na miguu ya watoto mpaka wanalia. Ameshatafuna mguu wa meza ya mninga na kona ya kochi. Mume wangu anasema apigwe makofi mdomoni, jirani anasema tupake pilipili. Tufanye nini?" – Mama wa watoto wawili, Sakina, Arusha

Marahaba, mama. Kabla ya kofi na kabla ya pilipili, tumwangalie kwanza mdomoni. Subiri aamke usingizini, akiwa bado mzito, kaa naye karibu na dirisha, umwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba bila kumpanua taya. Kwa umri wake nategemea uone mchanganyiko. Meno mawili matatu ya mbele yatakuwa mapana na meupe, hayo ni mapya. Yaliyo pembeni yake bado ni madogo kama punje za mchele, na huenda kuna pengo moja lenye fizi nyekundu iliyovimba kidogo. Zile chonge nne, ndefu na nyembamba kama sindano, bado ni za utoto. Hizo ndizo zinazowaliza watoto wako.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto. Yanaanza kung'oka akikaribia miezi minne, yale ya mbele yakitangulia. Chonge hufuata kwenye mwezi wa tano au wa sita, magego ya nyuma yanamalizia, na akifika miezi saba hivi anakuwa na meno yake 42 ya ukubwani. Mengi ya yanayong'oka huyameza pamoja na chakula, na hayamdhuru. Mara moja moja dada anayefagia ataokota kijino sebuleni, au utaona doa la damu kwenye kitambaa alichokuwa anatafuna. Usishtuke.

Sasa, watu wengi wakishasikia habari ya meno huhitimisha kwamba kila kitu ni meno, wakasubiri yaishe. Hapo ndipo wanapokosea. Meza na mikono ni mambo mawili, na ukimtazama kwa makini utayatofautisha mwenyewe. Akitafuna meza analala chini, ametulia, macho nusu yamefumba, anasaga mbao kwa meno ya pembeni kama mzee anayetafuna muwa. Huyo fizi zinamsumbua. Akimvamia mtoto wako anakimbia, anabweka, mkia unapepea, anarukia kiganja kinachotikisika au sketi inayopepea, anang'ata kwa meno ya mbele, anaachia, anarudi. Huyo anacheza. Fizi zikipona ataiacha meza. Mikono hataiacha kwa sababu ya fizi kupona. Ataendelea nayo, ila sasa kwa chonge za ukubwani na taya lenye nguvu mara kadhaa ya hili la leo. Kwa hiyo mikono ndiyo yenye haraka, tuanze nayo.

Umesema mlimchukua akiwa na mwezi mmoja. Sikulaumu, hapa Arusha wauzaji wengi ndivyo wanavyofanya, wanataka kuondoa mzigo wa uji na maziwa mapema. Lakini kati ya wiki ya nne na ya nane ndipo watoto wa mbwa wanapofundishana kipimo cha kung'ata. Ukikaa kando ya banda lao utaona: mmoja anamkamata mwenzake sikio, anabana kupita kiasi, yule anapiga kelele, anajitoa na kwenda kukaa peke yake. Mchezo umekufa. Baada ya muda yule mng'ataji anajaribu tena, safari hii kwa upole, na mchezo unaendelea. Mamia ya mara kwa siku. Mbwa wako aliondolewa kabla ya darasa hilo kuisha, kwa hiyo hajui kabisa kwamba kubana sana kunaua mchezo. Hana ubaya. Hakufundishwa, na sasa walimu waliobaki ni ninyi.

Mfundisheni kwa njia ileile aliyokuwa aipate kwa ndugu zake. Meno yakigusa ngozi, mkono unakufa. Nina maana uache mkono ulegee palepale ulipo, usiuvute. Kuuvuta kwa haraka ndiko kunakomfanya aukimbilie, maana kitu kinachokimbia kwa mbwa ni kitu cha kufukuza, na meno yake ya sindano yakichana ngozi ndipo damu inapotoka. Akiachia, simama bila neno, geuka, ondoka hadi upande wa pili wa kizuizi, kisha hesabu taratibu hadi ishirini. Kizuizi kinaweza kuwa ubao wa urefu wa goti uliowekwa mlangoni kati ya sebule na korido. Mtu mzima anauvuka, yeye hawezi. Ukimaliza kuhesabu rudi kama vile hakuna kilichotokea, kaa chini, mpe kitu cha kung'ata ambacho ni halali yake. Aking'ata tena mkono, unakufa tena, unaondoka tena. Siku ya kwanza utavuka ubao huo mara kumi na tano na utajiona umerukwa na akili.

Hesabu ishirini tu. Ukimfungia nje dakika kumi atakuwa ameshasahau kilichompeleka huko, atakachojifunza ni kulia mlangoni.

Kuna wanaoshauri upige kelele ya "aii!" kama afanyavyo mtoto wa mbwa mwenzake. Kwa baadhi inafanya kazi, wanashtuka na kuachia. Kwa wengine, hasa wenye damu ya moto jioni, sauti hiyo nyembamba inawapandisha zaidi. Mjaribu mara tatu. Kama anaachia na kurudi nyuma, tumia. Kama macho yanang'aa na anarudi kwa kasi, sahau habari hiyo, kaa kimya.

Watoto wako hawawezi kufuata hatua hizi zote, na usitegemee wafuate. Wafundishe jambo moja: kuwa mti. Mbwa akirukia, simama, kunja mikono kifuani, viganja chini ya makwapa, tazama juu. Mti haukimbii na mti haulii. Fanyeni mazoezi hayo mbwa akiwa amefungwa, iwe kama mchezo, mmoja aite "mti!" na wote wagande. Mtoto aliye chini ya miaka mitano au sita asiachwe na mbwa huyu peke yake hata dakika moja, hata mbwa akiwa amelala. Si kwamba ni mkali. Ni kwamba mtoto wa umri huo akiogopa atakimbia na kupiga yowe, na hapo amekuwa mchezo mtamu kuliko yote uani.

Kuhusu makofi ya mdomoni, mwambie baba watoto nimeelewa anapotokea, ndivyo tulivyoona mbwa wakifunzwa tangu tukiwa wadogo. Tatizo ni kile mbwa anachojifunza. Wa kwanza anaona kofi ni mchezo mkali zaidi, naye anaongeza. Wa pili anajifunza kwamba mkono unaokuja usoni unaumiza, na huyo ndiye anayeniogopesha. Akifika miezi minane huyo anakataa kuvishwa mkanda shingoni, ananguruma ukimshika sikio kumtoa kupe, na siku mtoto wa jirani anapomnyooshea mkono kumpapasa, anatangulia yeye kung'ata. Wanaoletwa kwangu wakiwa wamefungwa kamba mdomoni kwa sababu "amekuwa mkali ghafla", nikiuliza taratibu, mara nyingi kofi la mdomoni limo katika historia yao.

Kosa la aina nyingine kabisa nililifanya mwenyewe, nyumbani kwangu, miaka ile nilipokuwa nimemaliza chuo na najiona najua. Nilikuwa na jike la kienyeji la miezi mitano. Siku moja alichukua ndala yangu, nami nikamfukuza kuzunguka nyumba nikipiga kelele, majirani wakicheka. Nilimpata karibu na karo, nikainyakua, nikajiona nimeshinda. Kesho yake alichukua ndala, akaja nayo mpaka mbele yangu, akasimama umbali wa hatua tatu, akaniangalia. Alikuwa ananialika. Ilinichukua wiki kadhaa kuifuta hiyo mbio moja. Tangu hapo nikiona mbwa ana kitu kisicho chake sisogei; nachukua dagaa wawili watatu, natupa chini karibu yangu, anaachia kitu kufuata dagaa, nami naokota kitu bila haraka. Dagaa wakavu wasio na chumvi ni zawadi nzuri kuliko biskuti yoyote, wananuka, ni wadogo, na ni wa bei ya kawaida. Weka kopo dogo sebuleni na jingine jikoni.

Ukianza utaratibu huu, siku ya pili na ya tatu ataongeza kung'ata. Karibu wote huongeza. Njia iliyokuwa inafanya kazi imeacha kufanya kazi, kwa hiyo anaijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Familia nyingi hukata tamaa siku hiyo hiyo ya tatu na kurudi kwenye kofi, yaani wanaacha saa chache kabla mambo hayajageuka. Usipime kwa idadi ya mara anazogusa mkono, maana hiyo itashuka polepole sana. Chora mistari kwenye kalenda ya ukutani kwa kila mara aliyoacha alama kwenye ngozi. Hizo ndizo zinazotangulia kupungua: kwanza anang'ata bila kuacha alama, kisha anagusa tu na kuachia, mwisho anaufikia mkono na kugeuzia mdomo pembeni. Wote mkishika msimamo, ndani ya wiki mbili tatu mistari inapaswa kuwa michache waziwazi. Ikibaki ileile, mtafute anayevunja sheria. Mara nyingi ni mtu mzima mmoja anayemkaribisha mbwa kwa kumchezesha ngumi na viganja jioni akitoka kazini, kisha anashangaa kwa nini watoto wanang'atwa. Sisemi ni nani kwenu.

Sasa nije kwenye jioni, kwa sababu ratiba yako yenyewe imenionyesha nusu ya tatizo. Mtoto wa mbwa wa miezi minne anahitaji kulala saa nyingi, kama kumi na nane kwa siku kwa jumla. Wako amefungwa getini mchana kutwa. Wewe unadhani anapumzika, lakini getini kuna bodaboda, kuna muuza mboga, kuna mbuzi wa jirani, kuna watoto wanaorusha vijiwe. Anasinzia dakika tano, anaruka, anabweka, anasinzia tena. Halafu saa kumi na moja anafunguliwa, mwili una nguvu zilizobanwa tangu asubuhi na kichwa kimechoka hakina breki, na hapohapo wanaingia watoto wawili wanaokimbia. Mtoto wa binadamu aliyekosa usingizi hulia na kujigaragaza. Mtoto wa mbwa hung'ata.

Unamtambua aliyechoka kupita kiasi. Anaanza kukimbia mizunguko bila sababu, hasikii jina lake, anang'ata hata zulia, na ukimpa kitu chake cha kutafuna anakitema na kurudi kwenye miguu ya watu. Huyo hahitaji mafunzo dakika hiyo wala mazoezi zaidi. Anahitaji kulazwa. Mpeleke sehemu yake yenye giza kidogo na utulivu, mpe kitu cha kulamba, funga, na baada ya dakika kumi za manung'uniko utasikia kimya.

Kwa nyumba yako ningefanya hivi. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu, kabla watoto hawajaondoka, atoke ajisaidie, atembezwe dakika kumi na tano uani au kwenye barabara ya ndani akinusa nusa, kisha ale. Saa mbili alazwe, na asilazwe getini; alazwe nyuma ya nyumba au stoo, penye banda au boksi lililofunikwa kitenge, maji yakiwepo. Saa tano dada amtoe nusu saa, ajisaidie, achezewe kwa kitambaa kirefu, arudi kulala. Saa nane hivi hivyo tena, na chakula cha pili. Watoto wakifika saa kumi wamkute amelala, wabadili nguo, wale. Saa kumi na moja afunguliwe, na dakika kumi za kwanza awe na mtu mzima akiwa na kamba nyepesi ya mita mbili inayoburuzika, ili akipandisha umkanyagie kamba badala ya kumkimbiza. Watoto wacheze naye kwa kukaa chini au kwa kumtupia mpira, dakika ishirini tu, kisha kila mtu ashike lake. Saa moja chakula cha tatu, saa mbili usiku alale. Utaona kipindi kile cha balaa kimefupika kabla hata hujamfundisha chochote.

Kama mnamlea awe mlinzi na mnaogopa kwamba kumtoa getini kutamharibu, msiogope. Kulinda kunakuja na umri. Miezi minne si askari.

Turudi kwenye fizi. Kinachomtuliza ni baridi na kitu kinachobonyea. Chukua kipande cha taulo kuukuu, kile cha mtumba kitakufaa, ukubwa wa kitambaa cha jikoni. Kilowe maji, kikamue nusu, kisokote kama kamba, ukiweke kwenye friza kigande. Mpe kipande kimoja baada ya usingizi wa mchana na kingine jioni kabla watoto hawajamfikia. Kaa ukimwona. Kikianza kuyeyuka na nyuzi kutoka, kichukue kwa kumbadilishia dagaa, kioshe, kirudi kwenye friza. Tengeneza vitatu vizunguke. Umeme ukikatika, karoti nene iliyokaa ndani ya maji ya baridi ya asubuhi yetu inasaidia vilevile. Karoti nzima, isikatwe vipande vya duara, maana vipande hivyo ndivyo vinavyokaba koo. Ataichana na kuitapanya, na kinyesi chake kitakuwa na rangi ya chungwa. Ni sawa. Kama unaweza kununua kidude kimoja cha mpira mgumu chenye tundu, kile kinachouzwa kwa ajili ya mbwa, kijaze uji mzito au ugali uliopondwa na maziwa ya mgando, ukigandishe. Hicho kinamweka kimya nusu saa.

Kipimo changu cha kitu salama ni ukucha. Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba: kikibonyea kidogo, jino litanusurika. Kisipobonyea kabisa, kama ule mfupa mnene wa supu uliokatwa kwa msumeno, kinaweza kulivunja jino jipya. Halafu ile pete ya mfupa ina vituko vyake. Mbwa hulamba uboho, pete ikateleza kwenye taya la chini nyuma ya chonge, ikakwama, nami naletewa mbwa anayejikwaruza uso kwa hofu. Nimekata kadhaa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vichokoo, usimpe kabisa.

Lakini kinachoniumiza roho hapa kwetu kila msimu wa mahindi ni gunzi. Watu wakila mahindi ya kuchoma wanamtupia mbwa gunzi, linaonekana zuri, linabonyea, lina ladha. Analivunja vipande na kumeza. Gunzi halimeng'enywi tumboni. Kipande cha urefu wa vidole viwili kinafika kwenye utumbo mwembamba na kuziba. Siku ya pili anatapika kila anachokunywa, siku ya nne tumbo gumu, na hapo ni kisu. Kokwa la embe nalo ni hivyo hivyo. Kamba ya katani inanyofoka nyuzi ndefu, nazo zikimezwa zinaukunja utumbo kama uzi wa kaptula. Na ndala ya zamani usimpe hata kama ameshaiharibu: yeye hajui ipi ni ya zamani na ipi umenunua jana.

Kijiti kutoka uani pia kina mtego wake hapa Arusha, kwa sababu nyumba nyingi zina uzio wa manyara. Utomvu wake mweupe unachoma mdomo na unaweza kumdhuru macho. Ukiona mate yanamchuruzika ghafla na anajifuta uso kwenye majani, mwoshe mdomo na macho kwa maji mengi na umlete.

Samani hazifundishiki, zinalindwa. Kila dakika anayoitafuna meza bila wewe kuona ni dakika ya mazoezi. Hiyo meza ya mninga ningeihamishia chumbani kwa miezi mitatu, au niigeuze miguu juu nyuma ya kochi. Kochi huwezi kulihamisha, basi asiwe sebuleni isipokuwa mtu mzima yupo na kamba inaburuzika. Nyaya za televisheni na za chaja zipande juu. Ukimkuta anatafuna, usimpigie kelele kwa mbali. Mwendee, mpe kitambaa chake cha baridi, na akikichukua msifie. Ukikuta uharibifu uliofanyika saa nzima iliyopita, chukua ufagio, fagia. Ule uso wake wa "nimekosa" ni woga wa sura yako, hauhusishi na meza.

Pilipili ya jirani ina kasoro tatu. Mvuke wake unamuingia machoni, mikono ya watoto wako itagusa meza kisha macho yao, na baada ya siku mbili imekauka na haina nguvu. Tena wapo mbwa wanaozoea. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu haina madhara hayo, ila nayo hudumu saa chache na inachafua polishi, kwa hiyo ijaribu chini ya meza kwanza. Kinachonitia hofu ni oili chafu ya gari, ile watu wanayopaka nguzo kuzuia mchwa. Isipakwe popote mbwa anapofikia mdomo. Ni sumu.

Usimpe pia dawa ya maumivu ya watu. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, hata kidonge kimoja kwa mwili mdogo kama huo. Fizi zinazoota meno hazihitaji kidonge.

Kuota meno kunaweza kumfanya ale taratibu siku moja, au aache punje ngumu na kula laini. Hakumletei homa, hakumharishi, hakumfanyi agome kula siku nzima. Akiwa na mojawapo ya hayo, hasa kuharisha kunakonuka damu, au fizi zikiwa nyeupe na ana kupe, usiseme ni meno. Mlete siku hiyo hiyo. Vilevile taya likianza kutafunatafuna lenyewe bila kitu mdomoni, povu likitoka. Na kunguruma juu ya sahani ya chakula, mwili ukiwa umekakamaa na macho ya pembeni, si mchezo wala si fizi. Hilo lina mafunzo yake, nalo lisisubiri.

Kuna jambo hujaniambia, nami siwezi kuliacha: amechanjwa kichaa cha mbwa? Chanjo hiyo anaipata akifikisha miezi mitatu, kwa hiyo wako ameshachelewa kama bado. Nenda ofisi ya mifugo ya kata au kwa daktari yeyote wa mifugo wiki hii. Mpaka achanjwe, na hata baadaye, kila ngozi ikichubuka osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukitazama saa, si kwa kukisia, kisha nenda kituo cha afya wakupime kama unahitaji chanjo. Usione ni kijibwa tu. Watoto wa mbwa nao hupata kichaa. Mbwa akibadilika tabia ghafla, mdomo ukabaki wazi, mate yakamtoka na hawezi kumeza, usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie, piga simu.

Akifika miezi sita mwinue mdomo tena. Chonge mpya ya juu inatakiwa isimame peke yake. Ukiona mbili zimesimama sambamba, nyembamba na nene, ile ya utoto imegoma kutoka na inasukuma mpya vibaya, chakula kinanasa katikati. Hiyo naing'oa mimi kwa dawa ya usingizi, usijaribu kwa uzi wala koleo.

Na fundi wa meza usimwite sasa. Ataipiga msasa, ataziba alama, atapaka vanishi mpya, na keshokutwa mbwa ataionja. Mwite mbwa akifika miezi minane.